Kabla ya Kuomba Punguzo, Uliza Kipimo

Mnunuzi anayeingia soko la Kariakoo, Ilala au Buguruni na kapu lake mkononi huwa na swali moja mdomoni: "Mwisho wake ngapi?" Muuzaji anasitasita kidogo, anashusha mia tano, mnunuzi anaridhika na safari inaendelea. Lakini mia tano hiyo imepunguzwa kwenye nini? Kwenye sado yenye kilo tatu za nyanya, au yenye kilo mbili na nusu? Kwenye fungu la viazi vya kushiba, au la viazi vya kupangwa tu vipendeze macho?

Ushauri wangu kwa anayepeleka familia yake sokoni kila wiki ni mmoja, na mengine yote humu yanatokana nao: patana kipimo kwanza, halafu ubora, na fedha ije mwisho. Ukifuata mpangilio huo utapata bei ya haki bila kumkamua muuzaji, na utajua ni bidhaa zipi hazina haja ya kupatana, bali ni za kununua kwenye duka la bei moja na kuondoka.

Tenga, sado na fungu

Tufuate nyanya. Nyingi zinazoliwa Dar es Salaam hutoka Ilula mkoani Iringa, Morogoro na Lushoto. Husafirishwa kwenye matenga ya mbao, hufika usiku au alfajiri, na huuzwa kwa tenga zima kupitia dalali. Mchuuzi ananunua tenga bila kuona kilichomo chini kabisa. Akilifungua anakuta nzuri, za wastani, zilizopasuka na zilizooza. Anazichambua, kisha anaziuza kwa sado na kwa mafungu, akiomba Mungu jumla ya vipande hivyo izidi alichotoa kwa dalali, pamoja na nauli, mbeba mzigo na ushuru wa soko.

Sado ni kopo la plastiki lililokuwa na rangi ya ukutani, la lita nne hivi. Ujazo wake unajulikana, ila uzito wa kilichomo haujulikani hadi upimwe. Nyanya kubwa huacha mianya mingi katikati, ndogo hukaa zimebanana. Sado ya viazi mbatata ina uzito mwingine, ya vitunguu mwingine tena. Halafu kuna kilele, yaani zile zinazorundikwa juu ya ukingo. Sado mbili zilizosimama meza moja, kwa bei moja, zinaweza kupishana nusu kilo kwa sababu ya kilele tu.

Kopo lenyewe nalo hubadilishwa. Lipo lililobonyezwa kitako kikaingia ndani kama bakuli lililogeuzwa. Lipo lililokatwa ukingo, likawa fupi kwa vidole viwili. Lipo lililopitishwa kwenye moto likasinyaa ubavuni. Kulijua si kazi ngumu. Kabla halijajazwa, omba ulishike, tia mkono ndani uguse kitako, kisha lisimamishe kando ya kopo la jirani. Muuzaji mwenye kopo zima hakasiriki. Anayekataa usilishike kopo tupu, na anataka uchukue lililojazwa tangu asubuhi, amekwishakujibu.

Baada ya hapo, pima nyumbani. Mizani ndogo ya kuning'iniza, ile ya kielektroniki yenye ndoano, inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya nyumbani, na bei yake hurudi haraka kwa anayenunua chakula cha watu watano. Kwa majuma machache pima kila ulichonunua na uandike: sado ya nyanya kwa muuzaji fulani ilikuwa kilo ngapi, fungu la viazi gramu ngapi, mkungu wa ndizi bukoba kilo ngapi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la jikoni linahesabika pia. Huhitaji kuendelea nalo maisha yote. Mkono hujifunza, na baada ya muda utainua fungu na kujua kwamba leo limepungua.

Duka la bei moja ni rula yako

Watu wengi huigawa dunia ya manunuzi mara mbili: sokoni kuna nafuu, supamaketi kuna wenye uwezo. Mgawanyo huo unakunyima kitu chenye faida kubwa. Supamaketi imeandika bei kwa kilo, hadharani, na kusoma ni bure. Ukipita humo kununua dawa ya meno, simama dakika mbili kwenye mboga na nafaka, uandike kwenye simu bei ya kilo ya vitu vile unavyonunua mara kwa mara: nyanya, vitunguu, viazi, mchele, maharage. Bei hizo ni dari. Sokoni hutakiwi kuzifikia, isipokuwa bidhaa ya soko ni bora kuliko ya dukani.

Lakini usilinganishe bei kabla ya kulinganisha hali ya bidhaa. Nyanya ya dukani imekwishachambuliwa, mbovu imetupwa, na hasara ya kuitupa imeingizwa kwenye bei pamoja na pango, umeme, majokofu na mishahara. Nyanya ya sokoni inachambuliwa ukiwepo, au haikuchambuliwa kabisa. Kwa hiyo swali sahihi si kilo moja ni shilingi ngapi. Swali ni kilo moja inayofika kwenye sufuria ni shilingi ngapi.

Tufanye hesabu ya mfano. Bei hizi nimezichagua ili hesabu iwe rahisi. Wewe weka za soko lako. Sado ya nyanya inauzwa 5,000. Ukipima ina kilo tatu, hivyo kilo ni kama shilingi 1,670. Ukifika nyumbani unakuta gramu 300 hazifai. Zilizobaki ni kilo 2.7, na kilo inayoliwa imekugharimu kama 1,850. Supamaketi wanauza kilo kwa 2,600, zote nzima. Soko bado lina nafuu, ila nafuu ni ya shilingi 750 kwa kilo, wala si ile ya zaidi ya 900 uliyoiona mezani.

Sasa upatane. Njia ya kwanza ni ile iliyozoeleka: unaomba punguzo la mia tano, unapewa, unalipa 4,500. Ndani yake bado kuna zile mbovu, kwa hiyo kilo inayoliwa ni kama 1,670. Njia ya pili: unalipa 5,000 bila kupunguziwa, lakini unaomba zile zilizopasuka na kulainika zibadilishwe mbele yako. Umepata kilo tatu nzima kwa 5,000, yaani 1,670 ile ile. Kubadilishiwa nyanya kumekupa kilekile ambacho mia tano ingekupa.

Upande wa muuzaji, njia hizo mbili hazilingani hata kidogo. Tuseme kila sado ilimgharimu 3,500 hadi kufika mezani, ambayo ni kama shilingi 1,170 kwa kilo. Kukupunguzia mia tano kunamtoa mia tano taslimu kwenye faida ya 1,500. Kukubadilishia gramu 300 kunamgharimu shilingi 350 za mali yake, na zile alizozirudisha bado atamuuzia kwa bei ya chini mama lishe anayezipika leo leo. Wewe umepata thamani ile ile, yeye amepoteza kidogo. Ndiyo maana ombi la pili hukubaliwa haraka kuliko la kwanza.

Nyongeza nayo inafanya kazi hivyo hivyo. Nyanya nne za gramu mia mia kwako zina thamani ya bei ya rejareja, karibu shilingi 670. Kwake zina thamani ya bei aliyonunulia, karibu 470. Kila unapoomba mali badala ya fedha, mnagawana tofauti hiyo. Aliyezoea soko huomba nyongeza kabla ya kuomba punguzo, na sasa unajua hesabu iliyo nyuma yake.

Namna ya kuzungumza

Usiulize "mwisho wake ngapi" kabla hujaonyesha nia ya kununua. Ukianza nalo, umemlazimisha muuzaji ataje bei nyingine ambayo nayo si ya mwisho. Zunguka kwanza. Uliza meza tatu au nne bila kushika kitu, ukianza na zilizo mbali na lango, maana zilizo langoni hupata wapita njia wenye haraka. Ukisikia 5,000, 5,000 na 4,500, umeshajua bei ya siku. Chagua meza kwa ubora wa mali, halafu ndipo usimame uzungumze. Mazungumzo ya kawaida yanakwenda hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu nyanya, niungishe."

"Asante. Sado unauzaje leo?"

"Elfu tano. Za Ilula hizo, ngumu, zinakaa wiki."

"Naziona ni nzuri. Nataka sado mbili, ila naomba nichague mwenyewe."

"Ukichagua wewe, zinazobaki atanunua nani? Za kuchagua ni elfu sita."

"Basi nijazie wewe. Zilizolainika tu unibadilishie."

"Hapo sawa."

"Na kwa elfu kumi yote hii, nyongeza yangu ipo?"

"Chukua hizi nne mwanangu. Kesho uje tena."

Ukiyatazama vizuri mazungumzo hayo, utaona kwamba bei ya fedha haikuguswa. Mnunuzi alitaja wingi mapema, kwa kuwa sado mbili zina nguvu ya kuombea kuliko moja. Akasifu mali iliyostahili sifa. Kuiponda nyanya nzuri ili ishuke bei ni mazoea mabaya na hayamdanganyi mtu; muuzaji anajua alichonacho kuliko wewe, na atajiuliza mbona umesimama hapo kama ni mbovu. Akaomba kuchagua, akaambiwa gharama yake, akaielewa. Kuchagua ni huduma yenye bei, kwa sababu kila nzuri unayoitoa inaacha mbovu nyingi zaidi kwa mteja anayefuata. Mwisho akaomba kubadilishiwa na nyongeza, akapata vyote.

Kama bado unataka kushusha fedha, taja bei ukijua ukubwa wa mwanya uliopo. Kwenye vyakula vibichi mwanya ni mdogo. Anayesema 5,000 anaweza kukubali 4,500, pengine 4,300 jioni. Kumwambia 2,500 ni kumwambia auze chini ya mtaji, na atakachofanya ni ama kukupa mgongo au kukukubalia na kukujazia sado kwa namna anayoijua yeye. Hiyo ni hatari kuliko kukataliwa. Bei ikishuka kwa urahisi usioutegemea, angalia mikono inayojaza.

Kuna adabu mbili ambazo ukizivunja hutakuwa na mwenyeji sokoni. Ukitaja bei na muuzaji akaikubali, umenunua. Kuikimbia bei uliyoitaja mwenyewe ni kumpotezea muda na kumvunjia heshima mbele ya wenzake. Ya pili, usipatane ukiwa na noti ya elfu kumi peke yake kwa mali ya elfu mbili, saa moja asubuhi. Fedha iliyokatika ni silaha ya upole. Ukiwa na 4,500 kamili mkononi, mara nyingi 4,500 ndiyo itakayochukuliwa. Na kama utalipa kwa simu, sema kabla ya kupatana. Ugomvi mwingi huzuka pale bei imeshakubaliwa, kisha muuzaji anasema "weka na ya kutolea." Hana kosa, kwa sababu makato ya kutoa fedha kwa wakala yatamkuta. Kosa ni kwamba jambo hilo halikuingia kwenye mazungumzo ya bei tangu mwanzo.

Saa na msimu

Asubuhi kuna mali bora na bei ngumu. Mteja wa kwanza huweza kupata ahueni, kwa kuwa wapo wauzaji wasiopenda kumwachia anayefungua biashara, lakini usilitegemee hilo kila siku. Kuanzia alasiri hali hubadilika kwa vile vinavyoharibika: nyanya zilizoiva sana, mchicha, matembele, ndizi mbivu, maparachichi. Muuzaji wa mchicha hawezi kulala nao. Saa kumi na moja jioni utapata mafungu matatu kwa bei ya mawili bila kupandisha sauti. Sharti ni upike usiku huo. Ukinunua jioni mboga ya kesho kutwa, nafuu yote utaitupa kwenye ndoo ya taka.

Vitunguu, viazi, nazi na nafaka havina haraka hiyo. Muuzaji wa vitu hivyo anaweza kusubiri kesho, hivyo kumvizia jioni hakusaidii. Huko nafuu iko kwenye msimu na wingi. Mchele hushuka mavuno yanapoingia sokoni katikati ya mwaka kutoka Mbarali, Kyela, Ifakara na Kahama, nao hupanda kuelekea mwisho wa mwaka. Nyanya mara nyingi hupanda wakati wa masika, mvua inapoharibu mashamba na barabara za kuyafikia. Mwezi wa Ramadhani viazi vitamu, mihogo na ndizi za futari hupanda karibu kila soko la pwani. Ukimkuta muuzaji amepandisha sado ya nyanya mwezi wa nne, kabla ya kumwita mlanguzi uliza meza nyingine tatu. Kama wote wamepanda, bei imepandia shambani na njiani, na hakuna ufasaha utakaoishusha. Siku hiyo punguza nyanya kwenye mchuzi, uongeze kitunguu na karoti.

Kwa mchele, tumia nguvu zako kwenye ubora. Huuzwa kwa mizani, na bei ya kilo haina mwanya mkubwa isipokuwa unachukua kilo kumi au zaidi, ambapo shilingi mia kwa kila kilo huwa ombi la haki. Teka kiganja kimoja kutoka ndani ya gunia, usichukue cha juu. Upepete kwa pumzi uone vumbi. Tandaza kwenye kiganja uhesabu chenga na mawe. Tafuna punje moja: ikikatika kwa mlio, mchele umekauka, ikibonyea kwenye jino, bado una maji, na utalipia maji hayo kwa bei ya wali. Jina la Kyela au Mbeya lililoandikwa kwenye kibao halithibitishi kitu, kwa kuwa michele huchanganywa. Ukiwa mgeni wa meza hiyo, nunua kilo moja upike kwanza, urudi kuchukua kumi.

Pale ambapo bei moja ni bora

Vipo vitu ambavyo kupatana kunapoteza muda, na vingine ambavyo vipimo vya mtaani vinakuumiza bila wewe kujua. Mafuta ya kula ni mfano ulio wazi. Mafuta ya kupima yanaonekana nafuu kwa sababu unatoa mia tano tu. Chukua chupa tupu ya maji ya nusu lita, umimine humo kila kipimo unachonunua hadi ijae. Tuseme vimeingia vipimo sita vya mia tano. Nusu lita imekugharimu 3,000, na lita 6,000. Ikiwa duka linauza chupa ya lita moja iliyofungwa kwa 5,200, umelipa 800 zaidi kwa kila lita, na hujui mafuta hayo yamechanganywa na nini wala yamekaa juani siku ngapi. Unga, sukari na chumvi vina hesabu ya namna hiyo. Kipimo kinavyozidi kuwa kidogo, ndivyo kilo inavyozidi kuwa ghali.

Najua kwa nini watu hununua hivyo. Mwenye kipato cha kutwa hana 5,200 ya kutoa kwa mpigo, na ushauri wa "nunua jumla" haumjazi mfuko. Kinachowezekana ni majirani wawili au watatu kuchanga, wakanunua dumu la lita tano na kugawana kwa chupa zinazolingana. Anayeweza kufanya hivyo kwa mafuta peke yake, bila kubadilisha kingine chochote, ataiona tofauti mwisho wa mwezi.

Kwenye duka la bei moja macho yako yahame kutoka kwa muuzaji yaende kwenye karatasi ya pakiti. Soma uzito halisi, kwa sababu pakiti mbili zenye umbo moja zinaweza kuwa moja ya kilo na nyingine ya gramu 900. Gawanya bei kwa uzito kabla ya kuamini kwamba kubwa ni nafuu; mara nyingi ni kweli, lakini si mara zote. Soma tarehe ya mwisho wa matumizi hasa kwenye kile kilichopunguzwa bei. Na unapolipa, linganisha bei ya rafuni na ya kwenye risiti, maana lebo husahaulika kubadilishwa. Ikizidi, onyesha hapo hapo kabla hujaondoka kwenye kaunta.

Hata bei isiyopungua ina pembeni pa kuombea. Duka la jumla linalouza sabuni na unga halitakushushia bei ya pakiti moja, lakini uliza bei ya katoni au bei ya robo dazeni, na uliza kama wanapeleka mzigo. Huko ndiko kupatana kulikojificha: bei imeandikwa kwa kimoja, wewe unaomba ya vingi.

Mizani nayo ikaguliwe

Mizani hutuliza roho, lakini nayo huhitaji macho. Kabla mali haijawekwa, mshale usome sifuri na sahani iwe tupu. Mfuko mzito, jiwe au bakuli havitakiwi kuwa juu yake. Ukiwa na shaka, unayo njia isiyo na ugomvi. Nunua maji ya chupa ya lita moja na nusu, halafu mwombe muuzaji akupimie kabla hujaifungua. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, hivyo chupa hiyo isome kilo moja na nusu na chembe kidogo ya plastiki. Ikisoma kilo 1.7, mizani inazidisha, na kila "kilo" unayouziwa hapo ina gramu kama 900. Hamia meza nyingine.

Tanzania ina Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na Wakala wa Vipimo ndio wanaohakiki mizani za biashara na kuziwekea alama ya uhakiki. Angalia kama alama hiyo ipo na ni ya karibuni. Sheria hiyo ndiyo pia inayokataza lumbesa, yaani kushindilia gunia la mazao likapita kilo 100 na kushonewa kilemba juu. Anayenunua fungu mjini anaweza kudhani lumbesa ni ya mkulima na haimhusu. Inamhusu. Mkulima aliyelipwa gunia moja kwa mali ya gunia moja na robo ataacha kulima viazi, na ile robo ya bure haifiki kwenye fungu lako, inabaki kwa aliye katikati. Mnunuzi anayedai kilo anasaidia pande zote mbili za barabara.

Mpaka wa kupatana

Kila nilichosema hapo juu kina mahali pake. Mwanamke aliyetandika khanga chini na mafungu matano ya mchicha ya mia tano mia tano hana mwanya wa kushusha. Ushuru umemtoka, nauli imemtoka, na faida ya siku nzima ni mafungu mawili ya mwisho. Kumwomba mia mbili hapo hakukujengi, na kwake ni sehemu ya unga wa jioni. Kwa biashara ya kiwango hicho lipa bei iliyotajwa, chagua fungu zuri, na uwe mteja wa kurudi. Nguvu yako ya kupatana ipeleke kwenye sado mbili, kilo kumi, dumu na katoni, kwa wenye meza na wenye magunia, ambako mwanya upo na wote wawili mnajua upo.

Bei ya haki ina kipimo chake, na unaweza kukijaribu wewe mwenyewe. Sakafu yake ni gharama ya muuzaji hadi mezani, dari yake ni bei ya kilo iliyoandikwa dukani, na mahali popote katikati ni halali kupatana. Ukifika nyumbani, ukapima, ukakuta kilo inayoliwa iko chini ya dari kwa kiasi cha kuridhisha, na muuzaji akakuita kwa jina juma linalofuata badala ya kugeuza uso, basi mlipatana vizuri. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo viwili, badilisha meza au badilisha namna yako ya kuomba.